Kilowati Sitini za Nyanya

Bili ya stima ilipoletwa kwetu Kibokoni, nyanya aliniita nimtafsirie. Nikasoma mbio mbio: "Kilowati 60."

Loo! "Pasi yangu imeandikwa wati 1000, kilowati moja tu. Hizo sitini zatoka wapi? Mpangaji yuatuibia!"

Wasomaji, mwizi hakuwako. Ni mimi niliyeimeza herufi h ya kWh. Kilowati ni kasi ya kula stima. Kilowati-saa, yaani uniti, ni kiasi kilicholiwa. Pasi ile ikivuta stima jumla ya saa moja kila siku, kwa siku 30 hula uniti 30. Globu ya ukumbini, wati 100, ikiwaka muda wa saa 10 kila usiku, ni uniti 30 nyingine.

Nyanya akanitazama. "Basi nenda wewe kwa mpangaji. Nishamwambia ahame."