Kufuli Iko Sawa, Lakini Jibu Je?

Wasee, kuna sentensi naisikia sana siku hizi kwa wenye maduka hapa Nairobi: "Hiki chombo ni salama, kinasoma tu." Leo nataka tuikalie hiyo sentensi kidogo. Ni ya kweli, lakini inajibu swali moja tu. Kuna swali la pili ambalo haligusi kabisa, na hilo ndilo linaweza kumkata kijana kama wewe mshahara.

Tuanze na chombo chenyewe. Mashine ya kashia hutunza kila risiti kwenye hifadhidata. Zamani ukitaka kujua mliuza nini Jumamosi, ungengoja yule jamaa wa kompyuta aje akuandikie hesabu. Sasa msimamizi anafungua simu anaandika, "Jumamosi jioni tuliuza ngapi?" Modeli ya lugha, yaani AI kama hizo mnazotumia kwa asainmenti, inageuza hayo maneno kuwa SQL, lugha ambayo hifadhidata inaelewa. Hesabu inafanyika, jibu linarudi. Hakuna aliyesomea chochote. Na mimi niliyeacha chuo mwaka wa pili siwezi kumwambia mtu eti lazima usome digrii ndio uulize duka lenu limeuza ngapi. Hii kitu naipenda.

Sasa hiyo "kusoma tu" inafungwaje? Wengine wanaandikia AI maagizo: tafadhali usifute chochote. Buda, hiyo ni ombi, sio kufuli. Wengine wanaweka mlinzi wa kuangalia kama amri iko na neno `SELECT`, ambalo ndilo la kusoma. Lakini kwa PostgreSQL, hifadhidata inayotumika sana, hii hapa inamalizia na `SELECT` na bado inafuta risiti zote:

```sql
WITH x AS (DELETE FROM risiti RETURNING *)
SELECT COUNT(*) FROM x;
```

Kufuli ya kweli inakaa ndani ya hifadhidata yenyewe. Unatengeneza mtumiaji wa pekee wa chombo, halafu unampa ruhusa ya kutazama tu:

```sql
CREATE ROLE muulizaji LOGIN;
GRANT USAGE ON SCHEMA ripoti TO muulizaji;
GRANT SELECT ON ALL TABLES IN SCHEMA ripoti TO muulizaji;
ALTER ROLE muulizaji SET statement_timeout = '5s';
```

Fikiria duka la mtaani lenye grili. Unaona unga, unaona sukari, lakini mkono haupiti. Hapo hata AI ikichanganyikiwa na kuandika amri ya kufuta, hifadhidata inakataa, kwa sababu huyo `muulizaji` hana ruhusa. Mstari wa mwisho unakata swali lolote likizidi sekunde 5, ili mtu asiulize kitu kizito saa ya watu wengi hadi mashine ya kashia ikwame. Na ndani ya `ripoti` unaweka tu safu za data ambazo wafanyakazi wanastahili kuona. Namba za simu za wateja zinabaki nje. Kenya iko na Sheria ya Ulinzi wa Data tangu 2019, na kuhesabu mauzo hakuhitaji namba ya mtu.

Hiyo ndiyo nusu ya kwanza, na ikifanywa hivyo nakubali: data yenu iko salama. Nusu ya pili nimeishuhudia mwenyewe.

Kuna duka la wigi na vipodozi ambalo huwa nawapigia video za bidhaa. Chombo chao kilikuwa kimefungwa vizuri, nilionyeshwa. Jumatatu moja nikiwa hapo na taa zangu, msimamizi akauliza zamu ya jioni ya Jumamosi iliuza jumla ngapi, keshi na M-Pesa pamoja. Jibu: 61,300. Pesa zilizokuwepo, yaani keshi iliyohesabiwa ukijumlisha na iliyoingia kwa tili ya M-Pesa, zilikuwa 54,800. Tofauti ni 6,500. Kashia wa hiyo zamu akaitwa, akaambiwa kuna shoti ya 6,500 na itatoka kwa mshahara wake.

Msichana alisema, "Madam, mimi nilifunga zamu vizuri, karatasi ya kufunga iko kwa droo." Akajibiwa kwamba kompyuta haidanganyi.

Kwa hiyo chombo chini ya jibu kulikuwa na kitufe cha kuonyesha SQL iliyotumika. Hakuna mtu alikuwa amewahi kukibonyeza. Nikiondoa ule mstari wa tarehe na zamu, ilikuwa hivi:

```sql
SELECT SUM(r.jumla)
FROM ripoti.risiti r
JOIN ripoti.malipo m ON m.risiti_id = r.id
WHERE m.njia IN ('cash', 'mpesa');
```

Iangalie polepole. Kuna orodha mbili. Orodha ya risiti ina mstari mmoja kwa kila mteja aliyenunua, na jumla yake. Orodha ya malipo ina mstari mmoja kwa kila mara pesa ilipoingia. Mteja akilipa kwa njia moja, risiti yake ina mstari mmoja wa malipo, na hesabu inatoka sawa. Lakini nyote mnajua vile maisha yako: wigi ni 2,500, salio la M-Pesa ni 1,500, anatoa 1,000 keshi anaongezea. Hiyo ni risiti moja yenye malipo mawili. SQL ikiunganisha hizo orodha, ile risiti inatokea mara mbili, na kila mara imebeba jumla yake nzima ya 2,500. Ukijumlisha, wigi moja imeuzwa 5,000.

AI haikuvunja sheria yoyote hapo. Ilisoma tu, kama ilivyoruhusiwa. Ilisikia "keshi na M-Pesa" kwa swali, ikaenda kuchukua orodha ya malipo kwa sababu huko ndiko njia za kulipa zimeandikwa, lakini ikajumlisha pesa kutoka orodha ya risiti. Ilitakiwa ijumlishe `m.kiasi`, pesa iliyoingia kila mara. Kitu kibaya na hili kosa ni kwamba halina alama nyekundu. Hakuna kinachokwama. Inatoka namba safi, yenye koma mahali pake.

Nikamwomba msimamizi ampe kashia simu aulize yeye mwenyewe. Kumbe wao kashia hawakuwa na ruhusa ya kutumia chombo, ni wasimamizi pekee. Alikubali kwa shingo upande. Msichana hakuuliza kuhusu SQL. Aliandika tu: "Nionyeshe risiti za Jumamosi jioni zilizolipwa kwa njia zaidi ya moja." Zikaja nne: 2,500, 1,800, 1,200 na 1,000. Zijumlishe. 6,500 kamili. Alizikumbuka wateja wawili kwa sura.

Halafu tukauliza mistari iliyojumlishwa ilikuwa mingapi. 42. Na risiti za zamu ni ngapi? 38. Hiyo mistari minne ya ziada ndiyo zile risiti nne zikihesabiwa mara ya pili. Karatasi ya kufunga zamu ilitolewa kwa droo, na ilisema 54,800. Hakukuwa na shoti. Hajawahi kukatwa hiyo pesa, na aliombwa msamaha mbele ya wenzake, kitu ambacho si kawaida sana kwa maduka yetu.

Kwa hivyo maoni yangu ni haya. Kufuli ya kusoma tu inailinda data isiharibiwe na anayeuliza. Haimlindi mtu anayehukumiwa kwa lile jibu. Hizo ni kazi mbili tofauti, na watu wanaouza hivi vyombo wanazitaja kama moja.

Kazi ya pili inafanyika hivi. Kwanza, usiiachie AI iunganishe orodha mbichi kila mara ikiulizwa. Mtu anayejua duka anatengeneza orodha moja ndani ya `ripoti` ambapo kila mstari ni malipo moja na kiasi chake, bila jumla ya risiti kando yake. Hapo hata swali likiulizwa vibaya, hakuna jumla ya kurudiwa. Pili, kila jibu la pesa lije na idadi ya risiti na idadi ya mistari. Zikitofautiana bila sababu inayoeleweka, simama hapo, usiite mtu ofisini. Tatu, chukua karatasi kama kumi za kufunga zamu ambazo hesabu yake mlishakubaliana, hakikisha ziko na siku ambazo wateja walilipa kwa njia mbili na siku ambazo mali ilirudishwa, uulize chombo hizo zamu moja moja. Kikikosa hata moja, tafuta kwa nini kabla hujakiamini na ya leo. Rudia kila mkibadilisha chochote.

Na mambo yote hayo hayatoshi kama anayeuliza ni upande mmoja. Kwa lile duka, msimamizi alikuwa na namba, na kashia alikuwa na neno lake tu. Aliyejua kwamba kuna wateja walichanganya keshi na M-Pesa ni yule aliyesimama kwa kaunta usiku huo, na ndiye alinyimwa kuuliza. Si ajabu swali lake ndilo lilipata jibu. Ukishaweka grili vizuri, huna tena sababu ya kumzuia kashia kutazama mauzo ya zamu yake mwenyewe. Hawezi kufuta, hawezi kubadilisha, hawezi kuona namba za wateja. Anaweza kujitetea tu.

Nilisikia msimamizi mmoja akisema wafanyakazi wakipewa hiyo ruhusa watapoteza muda wakiuliza uliza. Waulize! Swali linakatwa baada ya sekunde 5. Shoti ya uongo ingemchukua huyo msichana siku kadhaa za kazi kuilipa.

Kama uko kwa kaunta mahali na umesikia wameleta chombo kama hiki, usiogope kuuliza vitu viwili kabla siku ya shoti haijafika: mimi pia nitaruhusiwa kukitumia? Na nikiambiwa pesa imepungua, nitaonyeshwa risiti zilizohesabiwa ama nitaonyeshwa jumla tu? Wakikujibu "jumla tu," basi kila ukifunga zamu piga picha ile karatasi uiweke.