Maneno ya Kutia Vinywani mwa Picha

Kazi hii ilitufikia mwaka 2019 tukiwa Goma. Tuliletewa kitabu kidogo cha hadithi ya picha, kurasa nne tu, maneno yake ya Kifaransa, tukaambiwa tukigeuze kwa Kiswahili kwa ajili ya watoto wa shule za Masisi na Walikale. Kitabu chenyewe chaonya juu ya mabomu na makombora yaliyosalia vichakani baada ya vita. Wenyeji wa kule hawahitaji kuelezwa vita ni nini: vile vya mwaka 1993 vilianza Ntoto, katika Walikale, vikapanda mpaka milima ya Masisi, na vingine vimefuata tangu hapo.

Tuliona kazi ni ya siku mbili. Kurasa nne, maneno machache, tena mengi ni vicheko na vishindo. Ikatuchukua majuma sita.

Hadithi ni hii. Watoto wawili wachunga ng'ombe wanacheza mpira, mpira unaangukia shimoni mwenye maji. Mmoja akishuka kuutwaa anaona chuma cha mviringo, anaokota jiwe ili akigonge. Dada yake mkubwa anatokea. Mwisho wanakwenda kumwambia chifu.

Tuanze na vishindo, maana tulidhani ndivyo vyepesi. Katika hadithi za picha kuna maneno ya namna mbili. Yako yaliyo ndani ya kiputo, yaani kile kiduara kinachotoka kinywani mwa mtu. Hayo hufutwa, mengine yakaandikwa mahali pake. Na yako yaliyochorwa na mchoraji kwa mkono wake, makubwa, yaliyopinda pamoja na picha, kama sauti ya mpira ukidumbukia majini. Hayo ukiyafuta unafuta na nyasi na mwamba vilivyo nyuma yake, na mchoraji lazima achore upya. Basi kila sauti ya kubadilisha ina gharama yake, na mwenye fedha atakuuliza kama kweli ni lazima.

Kwa mpira tulisema ni lazima. Mfaransa huandika «plouf». Sisi tuna «chubwi», na mtoto akiisikia huyaona maji. Tena Kiswahili ni tajiri kuliko Kifaransa hapa, kwa maana hutenganisha mahali pa kuangukia: majini ni chubwi, mchangani ni tifu, ardhini ni pu. Lakini utajiri huo una mtego. Nyingi za sauti zetu hazisimami peke yake. Humfuata mtendaji wake kama ndama na mama. Twasema amelala fofofo, amenyamaza ji, ametulia tuli. Andika «fofofo» peke yake juu ya kichwa cha mtu aliyelala, na msomaji atauliza ni jina la nani. «Chubwi» na «pu» zaweza kusimama zenyewe kwa sababu sikio lazisikia. «Ji» na «tuli» haziwezi, kwa sababu hakuna cha kusikia. Hilo hatukulijua mpaka tulipoona watoto wakikwama.

Kwenye mlango wa chifu mchoraji alikuwa amechora ngumi ikigonga mbao, na maneno «tok-tok». Mtoto gani wa kijijini Walikale agongaye mlango wa mkubwa kwa ngumi? Husimama uani akapiga hodi. Tukiandika «Hodi!» kando ya ngumi, picha na neno vinagombana. Mchoraji alikubali kuufungua mkono, watoto wakasimama nje, chifu akajibu ndani «Karibu!» Picha moja ikagharimu siku nzima.

Sasa viputo vyenyewe. Watu husema Kiswahili ni kirefu. Si kweli daima: mara nyingi neno moja letu lameza manne ya Kifaransa. Taabu ni kwamba lile neno moja halikatiki vizuri. «HATUKUAMBIWA», kwa herufi kubwa kama zinavyoandikwa viputo, ni herufi kumi na mbili zilizoshikana, na kiputo chembamba chaingia herufi nane. Ukikata, kata mwisho wa silabi: HATUKU-, AMBIWA. Usikate kati ya M na B hata kama nafasi yakuomba.

Kisha ikaja sauti ya mtu. Katika hadithi za picha humjui msemaji kwa maelezo, wamjua kwa usemi wake. Gazeti la Jeunes pour Jeunes, lililoanza Kinshasa mwaka 1968, liliwachekesha vijana kwa sababu watu wake walisema lugha ya mitaani, ule mchanganyiko ulioitwa Hindubili. Kwetu tofauti ni kati ya Kingwana cha sokoni na Kiswahili bora cha shuleni. Tuliwapa watoto Kingwana: «Hii ni kitu gani?» Chifu tukampa Kiswahili bora: «Kitu hiki kisiguswe na mtu yeyote.» Watoto waliosomewa walicheka mara moja, wakamwigiza chifu kwa sauti nene. Lakini mwalimu mmoja alikasirika, akasema tumechapa makosa ya sarufi mbele ya wanafunzi wake. Hatukubadilisha, ingawa twakiri alikuwa na haki yake: mtoto asiye na kitabu kingine atajifunza sarufi kwa hicho hicho.

Yote hayo yalikuwa mambo ya kucheka. Picha ya tano haikuwa ya kucheka.

Mvulana ameinua jiwe juu ya kile chuma. Dada amesimama nyuma, mikono kiunoni, na kwa Kifaransa anampongeza kama bingwa. Ni kejeli, na Mfaransa aielewa kwa ule mkunjo mdogo wa nyusi. Sisi tuliandika: «Hongera, bingwa!» Neno kwa neno, sawasawa, nasi tulilipenda.

Tulikuwa na desturi ya kujaribu kila ukurasa kabla ya kuchapa. Twaufunika ukurasa kwa karatasi, twaacha picha moja wazi, twamwuliza mtoto: Nani anasema? Amefurahi au amekasirika? Sasa atafanya nini? Katika shule moja ya Walikale tuliwauliza watoto kumi na mmoja juu ya picha ya tano. Tisa walisema dada amefurahi. Msichana mmoja alieleza vizuri kabisa: «Anamsifu kwa sababu ni mwenye nguvu.» Tukamwuliza, sasa huyu mvulana atafanya nini? «Atapiga.»

Hatukulala vema usiku ule. Tulikuwa karibu kuwapelekea watoto elfu kadhaa kitabu kinachomsifu mwenye kupiga bomu kwa jiwe.

Si kwamba watu wetu hawajui kejeli. Waijua sana, mama wa Kivu aweza kukusifu mpaka ukatamani ardhi ipasuke. Lakini kejeli yetu hukaa katika sauti, katika kulivuta neno, «Hongeeera», na katika kujua ni nani asemaye na alisema nini jana. Kiputo hakina jana. Tulijaribu kuvuta herufi. Watoto wakaona ni furaha kubwa zaidi. Tulijaribu «Haya, piga tena uone!» Wakubwa walicheka, lakini wadogo wakasikia amri: piga. Hapo tuliona kwamba katika picha ile neno lolote lenye «piga» ndani yake ni hatari, hata likiwa na makatazo, kwa maana mtoto anayesoma kwa taabu hulishika neno moja na kuliacha la pili.

Mwishowe tukaiacha kejeli. Tuliandika: «Weka jiwe! Rudi kwangu!» Hakuna cha kuchekesha tena, nasi tulisikitika kidogo, maana ndicho kiputo kilichokuwa kizuri kuliko vyote kwa Kifaransa. Kicheko tulikihamishia picha ya saba, ambapo mvulana anamweleza chifu kwamba yeye ndiye aliyemzuia dada yake asiguse, na dada anamtazama tu. Pale tuliandika «Eti?» Neno moja. Walicheka Masisi, walicheka na Walikale.

Ilibaki picha ya sita. Katika asili mvulana anawazia yale ambayo yangempata, na ukurasa wote umejaa herufi nyekundu za mlipuko. Tulipoionyesha Masisi, wavulana wawili walipiga kelele za kuigiza, na mtoto mmoja mdogo aliinuka, akatoka nje kimya, asirudi. Mwalimu alitufanyia ishara tusimfuate.

Twaikumbuka hadithi ya Mwindo, ya Wanyanga wa Walikale, ambayo Danieli Biebuyck na Kahombo Mateene waliichapisha kwa Kinyanga na Kiingereza mwaka 1969. Msimulizi wake huimba na kucheza, na wenziwe humpigia vijiti. Msimulizi wa namna hiyo akiona mtoto anatetemeka aweza kuipunguza sauti. Karatasi haiwezi.

Tulimwomba mchoraji azifute herufi nyekundu. Alifanya hivyo bila malipo ya ziada. Mahali pake kuna kilima, ng'ombe wawili, mpira uliolowa, na chini, kwa herufi ndogo: «Wote wakanyamaza ji.»