Ng'ombe, Bwawa na Mlima: Nani Alipe Pasipo Kosa?

Katika vijiji vya Mbulu, ng'ombe wa jirani akiingia shambani na kula mahindi, swali la kwanza si kama mchungaji alisinzia. Swali ni ng'ombe wa nani, na ameharibu kiasi gani. Nimewahi kukaa katika tathmini ya namna hiyo, si mbali sana na Dongobesh. Mtendaji wa kijiji alikuwapo, bwana shamba alikuwapo, na wazee wawili walihesabu mistari ya mahindi iliyokwisha kukanyagwa. Mwenye mifugo, mzee mwenye heshima zake, alieleza kwamba zizi lake ni imara, kwamba kijana wake si mvivu, na kwamba usiku ule fisi ndiye aliyewatisha wanyama hata wakabomoa boma. Wazee walimsikiliza kwa adabu, wakampa pole kwa ajili ya fisi, kisha wakaendelea kuhesabu mistari.

Nawasimulia haya wanafunzi wangu kila mwaka tunapofika kwenye mada inayowatatiza, yaani dhima isiyotegemea kosa. Wengi huja wakiamini kwamba sheria ya madhara inamwadhibu mzembe. Kwa sehemu kubwa ni kweli. Ukigongwa na gari, ukipewa dawa isiyo yako, ukianguka katika shimo lililoachwa wazi barabarani, itakupasa uthibitishe kwamba mtu fulani alikuwa na wajibu wa kukujali, kwamba hakufanya ambayo mtu mwenye busara angefanya, na kwamba kutofanya kwake ndiko kulikokuumiza. Mzigo wa kuthibitisha uko mabegani mwako wewe uliyeumia. Mzee wa Dongobesh angeshinda kesi ya aina hiyo bila taabu, kwa kuwa hakuwa mzembe. Alilipa kwa sababu nyingine.

Sababu hiyo ina historia ndefu kuliko wengi wanavyodhani. Mwaka 1860, huko Lancashire nchini Uingereza, mwenye kiwanda cha nguo aitwaye John Rylands alijengewa bwawa la kuendeshea mitambo yake. Aliajiri wataalamu. Chini ya ardhi ile kulikuwa na mashimo ya zamani ya uchimbaji ambayo yeye hakuyajua. Mafundi waliyakuta lakini hawakuyaziba ipasavyo. Bwawa lilipojazwa, maji yakapenya katika mashimo hayo na kuufurika mgodi wa makaa ya mawe wa jirani yake, Thomas Fletcher. Rylands mwenyewe hakuwa na kosa. Mwaka 1866 Jaji Blackburn aliamua kwamba alipe hata hivyo, na hoja yake ilianzia mahali ambapo mkulima yeyote wa Mbulu angepatambua: kwa ng'ombe aliyetoka na kula majani ya jirani. Aliyeleta kitu katika ardhi yake kwa manufaa yake, kitu ambacho kikitoroka kitadhuru, akiweke kwa dhamana yake mwenyewe. Mwaka 1868 Bwana Cairns, katika Baraza la Malord, aliikubali kanuni hiyo na kuiongezea sharti: matumizi hayo ya ardhi yawe si ya kawaida. Sheria ya kimila ya Uingereza kama ilivyokuwa tarehe 22 Julai 1920 ndiyo tuliyorithishwa Tanganyika, kwa kadiri mazingira yetu yanavyoruhusu. Kwa hiyo Rylands ni jirani yetu pia.

Kwa nini mtu asiye na kosa alipe? Mwanafunzi mmoja, mtumishi wa halmashauri aliyekuwa akisoma jioni, aliwahi kuniambia kwamba kanuni hii ni dhuluma iliyovaa joho. Nilimjibu kwa hesabu, nami nairudia hapa kwa kuwa ndiyo kiini cha jambo. Tarakimu ni za kubuni.

Tuseme mtu ana bwawa mlimani juu ya kijiji, nalo humpatia faida ya shilingi milioni 3 kwa mwaka. Amejenga ukuta kama wahandisi walivyoagiza, na hakuna mwenye busara ambaye angedai afanye zaidi. Hata hivyo, katika kila mwaka kuna nafasi moja kati ya 100 kwamba ukuta utapasuka na kuharibu mali ya watu yenye thamani ya shilingi milioni 500. Kwa wastani, basi, bwawa lile linawagharimu walio chini milioni 5 kila mwaka. Chini ya sheria ya uzembe, mwenye bwawa hatalipa chochote, kwa maana alijali kadiri ilivyompasa. Ataendelea kuvuna milioni 3 huku kijiji kikibeba hatari ya milioni 5, na mwakani huenda akachimba bwawa la pili. Mahakama inaweza kupima unene wa ukuta. Ni nadra sana iulize kama bwawa lilistahili kuwapo pale tangu mwanzo. Dhima isiyotegemea kosa humlazimisha mwenyewe ajiulize swali hilo, kwa sababu ile milioni 5 sasa imo katika daftari lake. Atalihamisha, atalipunguza, atalikatia bima, au ataachana nalo.

Kuna na jambo la ushahidi. Michoro ya ukuta, vipimo vya kina cha maji, taarifa ya mlinzi aliyeona ufa juma lililopita, vyote viko mikononi mwa mwenye bwawa. Kumwambia mwanakijiji athibitishe uzembe ni kumtuma akatafute funguo ndani ya nyumba iliyofungwa.

Sasa twende Hanang. Jumapili, tarehe 3 Desemba 2023, baada ya mvua kubwa, sehemu ya Mlima Hanang ilimeguka. Tope, mawe na magogo yakashuka hadi mji mdogo wa Katesh na vijiji vya jirani, yakaua watu zaidi ya 80. Siku za mwanzo palikuwa na uvumi wa volkano. Wataalamu wa Serikali waliukanusha na kueleza kwamba miamba laini ya mlima ilinyonya maji mengi, ikaelemewa na kuporomoka. Katika miezi iliyofuata nilipokea simu nyingi kutoka kwa vijana wa huko, baadhi yao wanafunzi wangu wa zamani, na swali lao lilikuwa moja: Mwalimu, tumshitaki nani?

Ukiipitisha Hanang katika kipimo cha Rylands, inakwama hatua ya kwanza. Hakuna aliyeyaleta maji yale mlimani wala aliyeulimbikiza ule udongo. Kitu kilichopo kwa asili katika ardhi, kikishuka chenyewe, hakiingii katika kanuni hii hata kiwe na ukatili kiasi gani. Mlima si ng'ombe wa mtu. Aliyetaka kudai angelazimika kurudi katika njia ya kosa na kuonyesha kwamba mamlaka fulani ilikuwa na wajibu wa kuonya au kuzuia ujenzi katika mikondo ya maji, ikajua hatari, ikanyamaza. Njia hiyo haijafungwa, ila ni ya mwinuko: ukiidai Serikali lazima kwanza utoe notisi ya siku 90, na daima yapo mabishano kama sera ya mipango miji ni jambo la mahakama kulipima. Niliwajibu vijana wale hivyo, na najua halikuwa jibu walilolitaka.

Walichopata watu wa Katesh ni msaada. Ulikuja kwa wingi, na nyumba zaidi ya 100 zikajengwa Gidagamowd kwa ajili ya waliopoteza makazi. Sina neno baya juu ya hilo. Ninaloliogopa ni kwamba neno msaada limetuzoea mno kiasi kwamba tunalitumia hata pale ambapo neno sahihi ni fidia.

Zaidi ya mwaka mmoja kabla ya Hanang, tarehe 7 Novemba 2022, ukuta wa bwawa la tope la mgodi wa almasi wa Williamson, Mwadui, wilayani Kishapu, ulibomoka. Hakuna aliyekufa, lakini tope lilifunika mashamba na kuingia katika makazi. Kwa macho tu, ni tope kama lile la Hanang. Kwa sheria, ni kitu kingine kabisa. Lililimbikizwa na mtu, miaka na miaka, kwa ajili ya biashara. Lilikuwa la aina ambayo likitoka lazima lidhuru. Lilitoka katika eneo la mgodi na kuingia katika eneo la wengine. Na sioni ni mahakama gani ingesema kwamba kuhifadhi mabaki ya mgodi kwa wingi ule ni matumizi ya kawaida ya ardhi ya Usukumani. Kampuni ilianza kwa misaada ya dharura, kisha kukawa na kazi ya tathmini na fidia. Lakini katika mazungumzo ya mitaani, hata ya baadhi ya viongozi, niliendelea kusikia kuhusu moyo wa kujitolea wa mwekezaji. Mzee wa Dongobesh alipolipa mahindi, hakuna aliyemshukuru kwa ukarimu.

Kanuni hii ina matundu yake, na mwanasheria wa upande wa pili atapitia humo. Tundu kubwa ni kile waingereza wanachokiita tendo la Mungu. Mwaka 1876, katika shauri la Nichols dhidi ya Marsland, mwenye mabwawa ya mapambo alisamehewa kwa kuwa mvua ilikuwa ya ajabu isiyotarajiwa. Tangu hapo kila bwawa linalopasuka hupasuka, kwa mujibu wa mwenyewe, kwa mvua ya ajabu. Bwawa la Patel lilipopasuka Solai, Nakuru, usiku wa tarehe 9 Mei 2018 na kuua watu wasiopungua 47, mvua ilikuwa kubwa kweli. Lakini ilikuwa Mei, msimu wa masika, na mvua za masika si mgeni asiyetarajiwa. Mahakama ya Juu ya India ilichoka na visingizio hivi mwaka 1986, katika kesi ya gesi iliyovuja kiwandani Delhi, miaka miwili baada ya maafa ya Bhopal. Ikasema anayeendesha shughuli ya hatari alipe bila msamaha wowote. Australia ilikwenda upande mwingine mwaka 1994, ikaimeza kanuni yote ndani ya sheria ya uzembe. Mahakama zetu zingali huru kuchagua, na mimi ningependa zisogee kuelekea India, hasa kwa mabwawa ya tope.

Tundu la pili halizungumzwi sana. Waingereza siku hizi wanaifunga kanuni hii katika mali na ardhi; majeraha na vifo wanavirudisha kwenye uzembe. Maana yake, mahindi ya marehemu yangelipwa bila kuulizwa maswali, na marehemu mwenyewe angehitaji shahidi mtaalamu. Hukumu hizo ni za baada ya 1920, hivyo hazitufungi, na wakili wa Kitanzania asikubali zisomwe mahakamani kana kwamba zinatufunga.

Kwa watendaji wa vijiji wanaosoma hapa: madai ya madhara hufa baada ya miaka 3. Bwawa likipasuka, siku hiyo hiyo pimeni tope limefika wapi ukutani, hesabuni mistari ya mazao kabla hayajaoza, andikeni nani analimiliki bwawa na limekuwapo tangu lini. Sababu ya kupasuka mwachieni mwenyewe aieleze.