Bango la Shoo Newala: Ule Uzi Mweupe Kichwani Ndiyo Unaowafanya Watu Waseme "Hatakuja"

Wadau, huku kwetu bango la shoo likitoka msimu wa korosho, swali la kwanza kijiweni halihusu kiingilio. Watu wanauliza, huyu staa anakuja kweli au kabandikwa tu? Ndiyo maana picha ya kuunganisha ikionekana imekatwa na mkasi, tiketi zinadoda hata kama msanii keshalipwa advansi yake.

Juzi nilipewa kazi ya mdada mmoja anayetamba mjini, jina kapuni. Picha yake ilipigwa Dar mbele ya ukuta mweupe. Promota akataka asimame Shimo la Mungu, pale Newala uwanda unapokatika ghafla na kushuka bondeni, jua likiwa linazama. Kwenye kompyuta ilikaa freshi kabisa. Lakini hakuna atakayeiona kwenye kompyuta yangu. Wataiona kitandani saa nne usiku, mwanga wa simu umepunguzwa, na wengi wako kwenye mandhari meusi, ile dak modi.

Kwa hiyo nikajitumia mwenyewe WhatsApp, kama picha ya kawaida. Ukiituma kama faili inafika bila kubanwa, na hapo hujapima kitu, maana mashabiki watapokea iliyobanwa. Nikashusha mwanga hadi kama theluthi, nikaiangalia kwenye mandhari meupe, kisha meusi.

Elewa jambo moja hapa. Mandhari meusi hayagusi rangi za picha yako ya JPEG, yanabadilisha kilichoizunguka. Weupe wa ukurasa ulikuwa unashindana na kasoro ndogo. Ukizimika, kasoro inabaki peke yake inang'aa. Nywele za dada zikatoka na uzi mweupe pembeni, kama taa ya duara imewashwa nyuma ya kichwa. Ule ni ukuta wa Dar. Pikseli za ukingoni ni mchanganyiko wa nywele na ukuta, na ukimkata mtu unaondoka nazo. Kwenye anga ya mchana usingeziona, ila kwenye anga ya magharibi zinakuumbua.

Nikarudi Photoshop, Layer, Matting, Defringe, pikseli 1 tu, maana ukizidisha nywele zinakuwa kama kofia. Vinyweleo vilivyobaki nikavipitia na brashi nyembamba yenye rangi ya nywele zenyewe.

Tatizo la pili lilikuwa miguuni. Suruali yake nyeusi ilikuwa imezama kwenye giza la bonde, na kwa mwanga mdogo dada alionekana kakatwa kiunoni, anaelea! Nikainua kidogo vivuli vya bonde, nikampaka mwanga hafifu wa chungwa upande uleule jua lilipo. Hapo akakanyaga ardhi.

Halafu maandishi. Turubai langu lina upana wa pikseli 1080, na kioo cha simu ya kawaida kina upana wa kama sentimita 6 na nusu. Tarehe niliyoiandika kwa urefu wa pikseli 30 inakuwa milimita 2 hivi. Kwenye ukurasa wa Insta, picha zikipangwa tatu tatu, haifiki hata milimita 1. Nikampa simu kijana wa bodaboda ambaye hakuwahi kuliona bango, nikamwambia asome haraka.

"Tarehe 18, bro."

Ilikuwa 16. Hebu fikiria watu wanatoka Masasi siku mbili baada ya shoo! Nikaikuza hadi pikseli 72, na sentensi mbili za sifa za promota nikazitupa ili ipate nafasi. Alinuna, akanuna tena, akazoea.

Nembo ya mdhamini ilikuwa PNG isiyo na mandharinyuma, herufi nyeusi, ya kukaa chini ya bango kwenye blogu. PNG ya hivyo inaruhusu rangi ya ukurasa ipite, kwa hiyo kwenye mandhari meusi jina la mdhamini lilipotea lote. Nikaiwekea kibao cheupe nyuma. Mtu katoa hela yake bwana, aonekane.

Mwisho nikaazima simu ya bei rahisi ya yule yule bodaboda. Simu yangu ina kioo cha OLED, ambacho sehemu nyeusi inazima kabisa. Yake ni LCD, nyeusi inatoka kijivujivu, hivyo uzi mweupe hauchomozi sana ila rangi ya jua inafifia. Sikuweza kuzifurahisha zote mbili sawasawa. Niliacha jua lipoe kidogo kwenye yake kuliko kumrudishia dada ile taa ya kichwani kwenye yangu.

Bango likatoka Alhamisi usiku. Komenti ya kwanza, "Kiingilio shilingi ngapi?"