Kurasa 34 Ndani ya Sekunde 90

Mpwa wangu hukusanya maziwa kutoka kwa wafugaji wa Nyanungu na kuyapeleka Nyamongo kila asubuhi. Mwezi uliopita alinijia Musoma na mpango wa biashara wenye kurasa 34. Wafanyabiashara wachache wa Kiislamu wa Mwanza walikuwa wamemwambia kwamba hawana muda wa kuusoma. Awatumie video isiyozidi sekunde 90.

"Mjomba, nitaufupisha vipi?" akaniuliza.

Nilimwomba ausome muhtasari wake kwa sauti nami nikitazama saa. Ulichukua dakika nne na ushei. Mtu anayezungumza Kiswahili kwa utulivu hutamka takriban maneno 110 kwa dakika, hivyo sekunde 90 hazibebi zaidi ya maneno 165. Kufupisha sentensi kusingetosha. Ilibidi mambo mazima yaondoke.

Tulianzia mwishoni. Nilimpa karatasi tupu, nikamwambia aandike anachokiomba kwa sentensi moja. Akaandika mambo matatu: friza, pikipiki, na kiwanja cha kujenga kituo. Nikamuuliza ni lipi ambalo lisipokuwepo maziwa huharibika. Alinyamaza kidogo, kisha akafuta mawili. Maziwa ya asubuhi yana soko. Ya jioni, lita 40 hivi, hayana pa kulala. Ombi likabaki shilingi 2,400,000: friza 1,600,000, keni nne za alumini 600,000, na 200,000 za kununulia maziwa ya siku za mwanzo.

Kisha tukagawa karatasi safu mbili, kushoto kinachoonekana, kulia kinachosemwa. Kanuni yetu ilikuwa kwamba kinachoonekana kisisemwe tena. Ndama akinyweshwa maziwa ya jioni yaliyokosa mnunuzi alitwaa nafasi ya ukurasa mzima wa maelezo. Friza lenyewe halipozi haraka maziwa ya moto. Kazi yake ni kugandisha kilo 20 za barafu, nayo hutiwa katika beseni la maji ambamo keni husimama huku maziwa yakikorogwa. Hilo tulilieleza kwa picha ya kipimajoto kikishuka hadi nyuzi 4. Kwa jaribio hilo barafu ilinunuliwa. Dira, dhamira na makadirio ya miaka mitano vilikwenda na maji, ingawa mpwa wangu aliisikitikia dira yake.

Hapo ndipo lilipojitokeza jambo ambalo kurasa 34 zilikuwa zimelificha. Sentensi yake ya malipo ilisema: "Nitakulipa shilingi 150,000 kila mwezi." Ndani ya mpango ilikuwa katikati ya jedwali, na mimi mwenyewe nilikuwa nimeipita. Ilipobaki peke yake, ilisikika ilivyo. Katika mudharaba mmoja hutoa mali na mwingine kazi, na faida hugawanywa kwa sehemu iliyokubaliwa. Kiasi maalumu kilichodhaminiwa juu ya mtaji huugeuza mkataba kuwa mkopo wa riba. Tena hesabu yenyewe ilikataa. Lita 40 zikinunuliwa kwa 800 na kuuzwa kwa 1,200 huacha 16,000 kwa siku. Ukitoa 7,000 za usafiri, umeme na yanayoharibika, hubaki 9,000. Kwa siku 26 ni 234,000, na hiyo ni miezi ya majani. Kiangazi maziwa hupungua. 150,000 zingetoka wapi?

Maneno yakawa haya:

"Assalaamu alaykum. Haya ni maziwa ya jioni hapa Nyanungu. Hayana pa kulala, hivyo hupewa ndama. Asubuhi, Nyamongo, wateja wangu huniomba zaidi ya niliyo nayo. Tumejaribu kuyapoza kwa barafu, na yamefika sokoni salama. Ninaomba shilingi 2,400,000 kwa mudharaba wa miaka mitatu: faida asilimia 40 yako, 60 yangu. Hasara isiyotokana na uzembe wangu itakuwa ya mtaji, nami nitakuwa nimepoteza kazi yangu. Ukiridhia, nipigie kabla ya Ijumaa."

Kabla ya kutuma tulimwonyesha shangazi yake, ambaye hakuwa ameuona mpango, tukamuuliza kijana anataka nini. "Pikipiki," akajibu. Tulishangaa, kwani neno hilo halikuwemo. Kumbe picha ya mwisho ilimwonyesha akiondoka na bodaboda, na ombi likasahaulika. Tukaiondoa, tukamweka amesimama kando ya beseni, kiasi cha fedha kikiandikwa chini yake mpaka video iishe. Jirani aliyeitazama baadaye alitaja kiasi bila kukosea.

Video ilitumwa Jumatatu baada ya Isha. Swali la kwanza kutoka Mwanza lilikuwa: friza likiungua kwa hitilafu ya umeme, itakuwaje? Jibu lilikuwepo, ukurasa wa 29, na mpwa wangu aliupiga picha akautuma.