Siku ya Kumi na Moja

Mdogo wangu alivuta tik miaka sita hapa Cape Town. Ndivyo huku wanavyoiita methamfetamini. Miaka mitano ya mwanzo nilimwona amekonda tu. Mwaka wa sita akaanza kuziba matundu ya funguo kwa karatasi, akidai majirani wanamsikiliza kupitia soketi ya umeme. Mikono aliikwaruza mpaka ikatoka vidonda, kwa wadudu aliohisi wanatembea chini ya ngozi.

Hospitali walimlaza siku nne, wakampa dawa ya usingizi na ya kuzima zile sauti. Daktari akaniambia kwamba wengi hutulia ndani ya wiki moja, tik ikishatoka mwilini. Mimi nikabeba "wiki moja". Ile "wengi" niliiacha palepale mlangoni.

Siku ya kumi na moja alikuwa anakula na analala vizuri, lakini usiku akaninong'oneza, "Kaka, wapo darini." Nikajua amevuta tena. Nikanunua kipimo cha mkojo duka la dawa: hana kitu. Sikukiamini. Nikalirusha begi lake nje, naye akalala stesheni siku mbili.

Muuguzi wa kliniki ndiye aliyenifungua macho. Tik huufurikisha ubongo dopamini, kemikali inayouambia: hiki kina maana, kiangalie. Ikizidi, hata mlio wa bomba la maji huonekana unakusema wewe. Na miaka ya kuvuta huufanya ubongo uwe mwepesi kushika moto. Tik yenyewe huisha mkojoni kwa siku chache, ila ubongo hautulii kwa ratiba hiyo. Kwa hiyo mtu anaweza kuwa msafi kwenye kipimo na bado akasikia watu darini. Kwa wengi ni siku au wiki chache. Sauti zikivuka mwezi mmoja, madaktari huanza kujiuliza kama kuna ugonjwa mwingine nyuma yake, na kati ya wote wanaopatwa na wazimu wa tik, yapata mtu mmoja kati ya watano baadaye huambiwa ana skizofrenia.

Wajapani waliyaona haya zamani, tik ilipokuwa vidonge vya kununua dukani; sheria ya kuvibana ilikuja 1951. Madaktari wao walieleza watu walioacha kwa muda mrefu kisha wazimu ukarudi kwa dozi ndogo, wengine kwa msongo tu.

Mdogo wangu sauti zilimtoka wiki ya saba. Miezi minane baadaye akapata kibarua cha ulinzi, akakesha usiku tatu mfululizo, na mchana hakupata usingizi. Asubuhi ya nne nikamkuta anaangalia dari.

Kipimo kimoja kilikuwa kimebaki kabatini. Nilikiacha humo. Nikampigia muuguzi, nikafunga mapazia, nikakaa kando ya kitanda mpaka akalala.