Siri yangu ilitoka katika maombi

Nataka kuwaeleza jambo lililonipata katika trimestri ya pili.

Baba yangu alikwenda kuchimba zahabu Salamabila. Mchuuzi mmoja alimkopesha chakula na vyombo vya kazi, kwa ahadi ya kulipwa zahabu. Lakini shimo lilijaa maji, zahabu haikuonekana. Baba akarudi usiku, akajificha shambani kwa mjomba. Sisi watoto tuliambiwa tusiseme. Mzigo ule ulinishinda, nikamwambia rafiki yangu ambaye tunaketi banki moja tangu mwaka wa kwanza.

Siku ya tano mchuuzi alifika shambani pamoja na watu wawili. Waliondoka na mbuzi zetu tatu. Ndizo zilizokuwa minervali yangu.

Nje ya jamaa yetu, ni rafiki yule peke yake aliyejua. Hasira ilinipanda, nikataka kumtukana mbele ya darasa. Lakini katika Matayo 18 tunafundishwa kumwendea ndugu kwanza tukiwa wawili tu. Basi nikamngoja kwenye kisima.

"Ndugu, lile neno la baba ulimwambia nani?"

Akanyamaza. Kisha akasema: "Sikumwambia mutu. Nililitoa tu katika kikundi cha maombi, wamuombee. Jina sikutaja."

"Ulisema namna gani?"

"Nilisema baba ya rafiki yangu anajificha shambani ju ya deni."

"Na weye una marafiki wangapi ambao baba yao alikwenda Salamabila?"

Akaanza kulia. Nikaona kwamba hakusema kwa ubaya. Lakini hapa kwetu watu wote wanajuana, kuficha jina hakutoshi. Neno likisha kutoka katika maombi, linatembea njiani kama neno lingine lote.

Sikutaka kuamua urafiki wetu kwa machozi. Nilingoja nione atafanya nini. Jumatano alisimama katika kikundi kilekile, akakubali kosa lake, akawaomba wasiseme tena. Jumamosi alinifuata shambani bila kuitwa, akamwambia baba mwenyewe. Baba akajibu: "Mtoto, deni ni yangu. Lakini mulango ulifunguliwa na weye." Akalima nasi hata jioni.

Urafiki nimeushika. Tunasoma pamoja na kula pamoja. Lakini siri ya nyumbani simpi kwa sasa, na nilimwambia hivyo wazi, asifikiri ninaficha kinyongo. Kusamehe kulikuwa kwa siku moja, lakini kumwamini tena ni kazi ya siku nyingi.

Usiku ule nilikwenda kwa baba kuomba msamaha pia. Maana mutu wa kwanza aliyeitoa ile siri, ni miye.

Mwanafunzi wa mwaka wa 5